Kufuatilia enhansa ya BCL11A: kutoka herufi za DNA hadi Medieta

Mfano wetu ni enhansa, yaani kipande cha DNA kinachoongeza unukuzi wa jeni kutoka mbali, ambayo tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, huikata kwa wagonjwa wa selimundu. Imo ndani ya introni ya pili ya jeni BCL11A, takriban kilobesi 58 kutoka mahali unukuzi unapoanzia. Protini ya BCL11A huzima jeni za gama-globini. Enhansa ikiharibiwa kwenye seli zinazozaa chembe nyekundu, BCL11A hupungua na himoglobini ya mtoto mchanga hurudi.

Hatua ya 1: Soma nyuzi zote mbili

Protini inayoikalia enhansa hii ni GATA1, nayo hutafuta herufi `[AT]GATA[AG]`. Ukisoma uzi mmoja tu utasema hakuna kitu.

```python
import re
s = "CTAACAGTTGCTTTTATCAC"
r = s[::-1].translate(str.maketrans("ACGT","TGCA"))
for jina, x in (("juu", s), ("chini", r)):
    print(jina, [m.start() for m in re.finditer("[AT]GATA[AG]", x)])
```

Utapata `juu []` na `chini [1]`. TTATCA ya juu ni TGATAA ukiisoma upande wa pili. Hizo herufi 20 ndizo mwongozo wa Casgevy wenyewe. Cas9, kimeng'enya kinachokata DNA, hukata herufi tatu kabla ya mwisho wake, yaani kati ya TTAT na CA, ndani ya mahali GATA1 inapokaa.

Hatua ya 2: Jua ni vidole gani

GATA1 ina vidole viwili vya zinki, na kila zinki imeshikwa na sisteini nne. Kidole cha upande wa C ndicho hasa hushika GATA. Usivichanganye na vidole vya BCL11A, ambavyo zinki yake hushikwa na sisteini mbili na histidini mbili. Vidole vyake vya 4 hadi 6 hushika TGACCA kwenye promota za gama-globini.

Hatua ya 3: Thibitisha ushikaji kwenye jeli (EMSA)

Hapa ndipo siku nzima hupotea, na mara nyingi mkosaji ni EDTA. Kidole bila zinki hakina umbo, na kisicho na umbo hakishiki DNA. Watu huongeza mikromola 10 za kloridi ya zinki wakadhani wamemaliza, kumbe bafa ina milimola 1 ya EDTA: molekuli mia za EDTA kwa kila zinki moja. Zinki uliyoongeza imenyakuliwa kabla haijafika kwenye protini.

EDTA huingia kwa milango isiyotazamwa. Bafa ya TE uliyoyeyushia nyuzi za DNA inayo. Vidonge vingi vya kuzuia protiezi vinayo pia. Nunua vile visivyo nayo. Hata TBE ya kuendeshea jeli inayo, kwa hiyo mimi hupendelea Tris na borati peke yake. Kwa mmenyuko tumia HEPES, si fosfeti, maana fosfeti hugandisha zinki ikawa mashapo.

Sisteini nazo huoksidika. Weka DTT milimola 1, iliyoyeyushwa siku hiyo hiyo. Ukiona ukanda wa DNA iliyoshikwa na protini umetoweka, ondoa EDTA kwa dayalisisi kisha ongeza zinki. Ukirudi, tatizo lilikuwa zinki. Usiporudi, shuku sisteini zilizooksidika au protini iliyokunjuka, na anza na protini mpya.

Weka vidhibiti viwili: DNA isiyo na alama mara 100, na DNA hiyohiyo ambayo GATA yake imebadilishwa. Ya kwanza lazima ifute ukanda. Ya pili isiufute. Zote zikifuta, ushikaji wako si wa herufi hizo.

Ukanda unaonyesha ushikaji tu. Hauonyeshi kwamba enhansa inafanya kazi ndani ya seli.

Hatua ya 4: Tafuta Medieta

GATA1 haimwiti polimerasi II moja kwa moja. Hugusa MED1, mojawapo ya protini 26 hivi za Medieta, na Medieta ndiyo inayounganisha enhansa na polimerasi iliyoko kwenye promota. Kwa kuwa Medieta haisomi herufi za DNA, fomaldehaidi peke yake huikamata kwa shida kwenye ChIP, jaribio la kuvuta protini kwa kingamwili pamoja na DNA iliyoko. Unganisha protini kwa protini kwanza kwa kiunganishi cha DSG milimola 2 kwa dakika 30 ndani ya PBS, kisha fomaldehaidi asilimia 1 kwa dakika 10. DSG iyeyushe kwenye DMSO wakati huohuo wa kuitumia, na usitumie Tris, kwa sababu amini zake huimaliza.

Tumia seli za ukoo wa chembe nyekundu, kama HUDEP-2. Kwenye limfositi B jeni BCL11A inawaka pia, lakini haitegemei enhansa hii, kwa hiyo kilele cha MED1 usichokiona hapo si kosa la jaribio.