Ukimwandikia mgeni maneno ya sokoni, mwandikie na majibu

Jamani, kama una mgeni anakuja Tanga na unataka kumtafsiria maneno ya kununulia vitu Mgandini, usiishie kwenye "shingapi?" tu, maana swali atalisema vizuri halafu jibu litampita. Muuza machungwa hatamwambia elfu moja na mia tano, atasema "fungu buku jero". Kwa hiyo kwenye karatasi yake weka jero ni 500, buku ni 1,000, buku jero 1,500, na pembeni uandike kwa lugha yake.

Kupunguziwa nako, mpe "nipunguzie basi" kisha ataje bei yake mwenyewe, mfano "nifanyie buku". Asipotaja, muuzaji anashusha kidogo tu na yeye hajui aendelee vipi. Akishindwa aulize "mwisho shingapi?", hapo anaamua kununua au anashukuru anaondoka, na aanze na shikamoo kama muuzaji ni mtu mzima, hiyo msiiache kabisa.

Kwenye daladala ya kwenda stendi ya Kange amwambie konda mapema, "nishushe Kange". Ila cha kuangalia zaidi ni saa, maana akiambiwa basi linaondoka saa mbili asubuhi, wewe mtafsirie saa 8:00 ya simu yake, yaani unaongeza sita. Ukiiacha mbili ilivyo atafika saa nane mchana, basi lishaondoka zamani. Mwambie arudie kuuliza, "saa mbili asubuhi au usiku?"