Kampuni ina hasara mwaka wa tatu, umekadiriwa kodi ya mauzo: namna ya kupinga

Mwezi uliopita nimemaliza pingamizi la wakala mmoja wa forodha hapa Dar. Alipata hasara 2022, 2023 na 2024, kisha akaletewa makadirio ya shilingi 13,000,000. Alikuja analalamika: "Kaka, mtu asiye na faida anatozwaje kodi ya mapato?" Anatozwa. Kampuni ya Tanzania ikiwa na hasara ya kikodi mwaka huu na miwili iliyotangulia, mwaka wa tatu inatozwa asilimia ya mauzo. Kwa hiyo usiandike pingamizi la kulalamikia hasara. Pinga hesabu.

Hatua ya 1: Hesabu miaka

Angalia hasara iliyo kwenye ritani, si ile ya kwenye hesabu zilizokaguliwa. Ukirudisha uchakavu wa kihasibu na matumizi yasiyokubalika, kisha ukatoa punguzo la uchakavu wa mali linaloruhusiwa kikodi, mwaka mmoja unaweza kugeuka faida, na hoja ya miaka mitatu mfululizo ikaingia mashakani. Pia kampuni za kilimo, afya na elimu zimeachwa nje ya kodi hii. Wakala wangu hakuwa na bahati hiyo, miaka yake yote mitatu ilikuwa hasara kweli.

Hatua ya 2: Kiwango

Kilikuwa asilimia 0.5. Sheria ya Fedha ya 2025 imekipandisha hadi 1. Mwaka wa mapato 2024 ni 0.5.

Hatua ya 3: Mauzo ni yapi?

Hapa ndipo nilipokesha siku nne. Milioni 13 zilitoka wapi? Mkaguzi alichukua fedha zote zilizoingia benki mwaka mzima, shilingi bilioni 2.6, akazidisha kwa 0.5%. Lakini kodi hii inatozwa kwenye mauzo, na pesa ya mteja inayopita mkononi mwa wakala kwenda kulipia ushuru si mauzo ya wakala.

Kusema hivyo ni rahisi, kuthibitisha ndiyo kazi, na mzigo wa kuthibitisha ni wako. Nilichapa taarifa ya benki, nikafungua Ekseli (programu za uhasibu zinaficha mambo, mimi siziamini kwa kazi hii), kila muamala mstari wake, na pembeni namba ya faili la mzigo. Matokeo yalikuwa haya: bilioni 2.15 ushuru na VAT ya wateja, milioni 240 tozo za bandari na meli, milioni 30 mkopo wa mkurugenzi, milioni 180 ada ya wakala mwenyewe.

Ushuru haukusumbua, kwa sababu kadhia ya forodha, yaani tamko la mzigo, ina TIN ya mwagizaji na malipo yana namba yake. Tozo za bandari zilinitoa jasho. Ankara za milioni 190 zilikuwa na jina la mteja, lakini za milioni 50 ziliandikwa jina la wakala na hazikuwa na hati ya kumdai mteja kiasi kilekile. Hizo niliziacha zihesabiwe mauzo. Ukizing'ang'ania, mkaguzi anaanza kushuku hata zile safi.

Halafu kagua risiti za EFD. Kama ulitoa risiti moja ya ada pamoja na ushuru, umejitangazia mwenyewe kuwa yote ni mauzo, na hapo utahitaji faili la kila mzigo kulichambua. Kwa mkopo, weka mkataba na azimio la bodi. Maneno ya mkurugenzi hayatoshi.

Mauzo yakawa milioni 230, kodi 1,150,000. Kumbuka pia kutoa kodi ya zuio ambayo wateja walishakata kwenye ada.

Hatua ya 4: Pingamizi

Siku 30 tangu upokee makadirio, kwa maandishi, kila hoja na kielelezo chake. Unatakiwa kulipa theluthi ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichobishania, kikubwa kati ya hivyo. Kwetu theluthi ilikuwa 4,333,333. Kama huna, omba punguzo la malipo hayo kwa Kamishna Mkuu wa TRA, ukiambatisha sababu. Bila malipo wala punguzo, pingamizi halipokelewi hata liwe zuri namna gani.

Watu hunitumia hukumu ya Kenya, ile ya Mahakama Kuu Machakos, Septemba 2021, iliyofuta kodi yao ya asilimia 1 ya mauzo, na Mahakama ya Rufani ikaiunga mkono Desemba 2022. Ilihusu katiba yao. Kwenye pingamizi la hesabu haikusaidii.

Hatua ya 5: Wakikataa

Taarifa ya nia ya kukata rufaa siku 30, rufaa yenyewe kwa Bodi ya Rufani za Kodi siku 45. Miezi sita ikipita bila uamuzi, makadirio huhesabiwa yamethibitishwa, nawe unaweza kwenda Bodi. Sisi hatukufika huko. Makadirio mapya yalitoka yakiwa 1,150,000, na kiasi kilichozidi kwenye ile theluthi tumeomba kihamishiwe kodi ya mwaka unaofuata.