Pleteleti 41 kwenye tyubu ya zambarau, 186 kwenye ya bluu: namna ya kuhakikisha kama ni kweli zimepungua

Assalam aleikum jamaa wa maabara. Naandika hili mara moja liwe hapa, manake nshachoka kuulizwa kwenye simu kitu kile kile, mara Faza mara Mokowe mara Malindi, "mgonjwa mzima, fizi hazitoki damu, hana hata doa mwilini, lakini mashine inasema pleteleti 30, nifanyeje". Soma mpaka mwisho ndo uulize.

Kwanza elewa kinachotokea. Kuna watu damu yao ina kingamwili ambayo ndani ya mwili haiwafanyi chochote, lakini damu ikishaingia kwenye tyubu ya zambarau, ile yenye EDTA, pleteleti zao zinaanza kushikana makundi makundi. Mashine inahesabu chembe moja moja kwa ukubwa wake, ikikuta kundi haijui kama hizo ni pleteleti 20 zimekumbatiana, ama inaliruka ama inalihesabu kama chembe nyeupe. Kwa hiyo pleteleti zinashuka na saa nyingine chembe nyeupe zinapanda, na zote mbili ni uongo. Ni wachache, kama mtu 1 kwa kila 1000 hivi, lakini ukikaa benchi utawaona.

Hatua ya 1. Tumbukiza kijiti kwenye tyubu ya zambarau, zungusha. Kikitoka na bonge damu imeganda, chukua nyingine, mambo yameishia hapo.

Hatua ya 2. Angalia skrini. Mashine nyingi zinaonya, kwa mfano `PLT Clumps?`, na mchoro wa pleteleti badala ya kushuka vizuri upande wa kulia unabaki juu na meno meno. Lakini onyo lisipotokea usiseme hakuna, mashine haioni kila kitu.

Hatua ya 3. Tengeneza slaidi kutoka tyubu hiyo hiyo, paka rangi, anza na lenzi ndogo ukienda moja kwa moja kwenye mkia na kingo za slaidi, manake makundi yanasukumwa huko. Watu wanaangalia katikati peke yake wanasema "pleteleti chache kweli" wanafunga. Ukiona nyuzi nyuzi za faibrini katikati ya makundi, hiyo ni damu iliyoanza kuganda, rudi hatua ya 1.

Hatua ya 4. Chukua damu upya, tyubu ya bluu ya sitreti na ya zambarau kwa pamoja. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Alikuwa mama mmoja amepangiwa upasuaji wa uzazi, tyubu ya zambarau inasoma 41, slaidi imejaa makundi. Nikachukua ya bluu, mshipa wake mgumu, nikatumia sindano ya kipepeo, damu ikaingia kidogo ikakoma, nikasema yatosha. Mashine ikasoma 124, nikazidisha kwa 1.1 nikaandika 136. Daktari akaona bado ziko chini ya 150, akaahirisha, mama akavuka maji kurudi kwao na wasiwasi wake na mimba yake. Siku mbili baadaye nikachukua tena, tyubu ikajaa mpaka kwenye alama, mashine ikasoma 169, mara 1.1 ikawa 186. Hakuwa na tatizo lolote tangu mwanzo, tyubu yangu ndo ilikuwa pungufu.

Hesabu yake hii hapa. Tyubu ya bluu ya mililita 3 ina sitreti ya maji mililita 0.3, inangojea damu 2.7. Hiyo 1.1 imetoka hapo, 3.0 ukigawa kwa 2.7. Mimi nilitia damu kama 0.6 tu, jumla 0.9, kwa hiyo damu ilikuwa imezimuliwa mara 1.5 si mara 1.1. Ukichukua 124 mara 1.5 unapata 186 ile ile. Lakini usije ukaanza kukisia kwa jicho ni damu kiasi gani imeingia ili urekebishe, jicho halipimi, tyubu isiyofika alama itupe uchukue nyingine.

Tahadhari zangu hapa: sindano ya kipepeo ina mpira wenye hewa ndani, hewa ile inakula nafasi ya damu kwenye tyubu ya kwanza, kwa hivyo anza na tyubu ya kutupa halafu ndo uweke ya bluu. Bluu iwe kabla ya zambarau, isije EDTA ikabebwa na sindano ikaingia kwenye sitreti ukapata makundi yale yale ukadhani sitreti nayo imeshindwa. Pindua taratibu mara 3 au 4, usitikise. Na angalia tarehe ya tyubu, zilizokwisha muda nguvu ya kuvuta imepungua, hazijai.

Hatua ya 5. Pima mara moja, usiache sampuli ikae mpaka baada ya adhuhuri. Zidisha pleteleti kwa 1.1.

Hatua ya 6. Slaidi nyingine kutoka tyubu ya bluu. Namba ikiwa imepanda na makundi hayapo, umethibitisha. Namba ikibaki chini na makundi hayapo, basi amini, zimepungua kweli, mtafutie sababu. Makundi yakiwepo tena, sitreti haijasaidia, namba yake usiitoe.

Hatua ya 7. Ripoti: toa pleteleti za tyubu ya bluu, himoglobini toa ya zambarau, na andika kwa maneno "pleteleti hushikana kwenye EDTA, zimepimwa kwa sitreti". Chembe nyeupe usiziamini mpaka ulinganishe na slaidi.

MASWALI

Kijana_wa_Mokowe: Mzee mimi nina zambarau tayari mezani, siwezi kumimina kidogo kwenye ya bluu nikapima? Mgonjwa keshaenda.

Jibu: Hapana. EDTA unaimimina pamoja na damu. Mwite mgonjwa arudi.

Kijana_wa_Mokowe: Lakini sitreti si itazuia?

Jibu: Sitreti haizuii kitu, inakuwa tu haichokozi kama EDTA. Pleteleti zimeshashikana tayari na EDTA ingali ndani. Soma hatua ya 4, imeandikwa "chukua damu upya".

BintiMatondoni: Shikamoo. Mie ni mwanafunzi, naomba kuelewa kwa nini EDTA ichokoze na sitreti isichokoze wakati zote mbili zinashika kalsiamu?

Jibu: Marahaba mwanangu, swali zuri hilo. Juu ya pleteleti kuna protini mbili zilizoshikana, zinaandikwa GPIIb/IIIa, na kinachozishikanisha zikae umbo lake ni kalsiamu. EDTA inanyakua kalsiamu kwa nguvu sana mpaka umbo lile linabadilika, sehemu iliyokuwa imejificha ndani inatokeza nje, na ile kingamwili iliyokuwa inaelea kwenye damu inapata pa kushika. Sitreti inashika kalsiamu kwa ulegevu zaidi, inatosha damu isigande lakini umbo kwa wengi linabaki. Ndo sababu mwilini hakuna shida, mwilini hakuna EDTA. Na ndo sababu pia wapo wachache ambao hata sitreti inawashikanisha, hawa usishangae.

BintiMatondoni: Ahsante sana. Basi muda una maana? Nimepima mtu mmoja mara mbili tyubu ile ile, kwanza 140 baadaye 75.

Jibu: Umeona mwenyewe! Hilo ni dalili kubwa. Ugonjwa wa kweli haushushi pleteleti ndani ya tyubu kwa saa moja. Na baridi inazidisha. Sampuli zinazotoka visiwani kwenye boti ndani ya kibaridi chenye barafu zinafika zimeshashikana vizuri, kwa hivyo mgonjwa wa hivi mlete mwenyewe, au chukua damu pale pale kwenye mashine.

Daktari_Malindi: Ndugu yangu, nashukuru, lakini naogopa watu watasoma hapa kisha kila pleteleti chini waseme ni EDTA. Huku malaria inashusha pleteleti, denge inashusha.

Jibu: Daktari umesema kweli na watu wakusikie. Mgonjwa ana homa, pleteleti 60, slaidi haina makundi, hiyo ni 60. Somo hili linaanzia pale makundi yameonekana kwa macho. Na hata yakionekana, mwenye homa mpime malaria kama kawaida, mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na namba ya sitreti ndo itakwambia ni ngapi kweli.

Mtu_wa_Kipini: hatuna tyubu za bluu huku tufanye nini

Jibu: Fanya kwa mkono kaka, hii haitaki EDTA kabisa. Toboa kidole, futa tone la kwanza, vuta damu maikrolita 20, tia moja kwa moja kwenye mililita 0.38 ya amonia oksaleti ya asilimia 1, hiyo ni mara 20. Jaza chemba ya Neubauer, iweke kwenye kisahani chenye pamba mbichi dakika 15 pleteleti zitue chini bila maji kukauka. Punguza mwanga wa hadubini, zitaonekana ndogo zinametameta. Hesabu vile vyumba 5 vya mraba wa katikati ambavyo tunahesabia chembe nyekundu. Ukipata 180 jibu ndo hilo, 180, manake hesabu zote zinaishia kuzidisha kwa 1000 kwa maikrolita. Hii ndo naitumia pia kwa wale ambao sitreti imeshindwa.

Mtu_wa_Kipini: Allah akubariki. Na kupasha tyubu joto 37 je?

Jibu: Inasaidia baadhi, hasa ukiiweka kwenye joto tangu inatoka mkononi. Zilizokwisha kushikana mara nyingi haziachani. Mimi siitegemei.

Fundi_Slaidi: Mimi slaidi zangu zina vidoti vinametameta juu ya chembe nyekundu, nashindwa kutofautisha na pleteleti.

Jibu: Hiyo ni methanoli yako imevuta maji, hewa yetu ya pwani nzito. Mimina chupa ndogo ya kazi ya siku, kubwa ifunge sana, na slaidi ikauke kabisa kabla ya kuitia methanoli. Zungusha skrubu ya fokasi, kidoti cha maji kinang'aa na kuzima, pleteleti haifanyi hivyo, ina rangi ya urujuani na punje punje ndani.

Kijana_wa_Mokowe: Mgonjwa amerudi. Nimejaza bluu mpaka alama, imesoma 201. Niandike 201?

Jibu: Mara 1.1 mwanangu, 221. Slaidi ya bluu umeiangalia?

Kijana_wa_Mokowe: Haina makundi, nimeenda mpaka mkiani.

Jibu: Sawa kabisa. Sasa mwandikie kwenye kijitabu chake cha kliniki kwa wino, "pleteleti zipimwe kwa sitreti", aonyeshe popote atakapotolewa damu.