Sukari ikishuka shambani: ya kuandaa kabla ya msimu wa korosho

Maandalizi ya msimu wa korosho Tandahimba na Newala kila mtu anayajua: kusafisha chini ya mikorosho, kutafuta magunia, kupatana na vibarua. Ila kama nyumbani kuna mtu anayemeza glibenklamaidi kwa ajili ya kisukari, yapo maandalizi mengine yanayofaa kukamilika kabla korosho za kwanza hazijaanza kudondoka. Sisi wauguzi wa kliniki ya kisukari wagonjwa hawa huletewa usiku, mara nyingi pamoja na maelezo kwamba mzee kanywa uraka amezidisha. Wakati mwingine ni kweli kanywa. Lakini kinachomwangusha ni sukari kushuka, na pombe imesaidia tu kuishusha.

Tuanze na ubongo, kwa sababu ndio unaoeleza kwa nini mambo yanakwenda haraka. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.4 hivi, kama asilimia 2 ya mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Kwa saa moja unachoma takriban gramu 5 za glukosi, yaani kijiko kimoja cha chai cha sukari. Sasa linganisha: damu yote ya mtu mzima, sukari yake ikiwa sawa, ina glukosi ya gramu 4 au 5 tu. Ubongo wenyewe hauna ghala la maana. Ni jiko la mkaa lisilo na gunia pembeni, linalotegemea mtu aje atie kipande kimoja kimoja huku upepo ukipita. Mkaa ni glukosi, upepo ni oksijeni, na kimoja bila kingine hakitoi moto.

Anayetia mkaa ni ini. Lina akiba ya sukari ya gramu 80 hadi 100, na akiba hiyo ikipungua linatengeneza sukari mpya. Mtu akifunga kula siku kadhaa, ini hugeuza mafuta ya mwili kuwa ketoni, ambazo ubongo unaweza kuzitumia. Ndiyo maana mtu mzima mwenye afya akikosa mlo mmoja husikia njaa tu, hapotezi fahamu.

Glibenklamaidi inaharibu mpango huo. Kazi yake ni kulilazimisha kongosho kutoa insulini, na inaendelea kulilazimisha hata sukari ikiwa tayari iko chini. Insulini hiyo inaliambia ini liache kutoa sukari, na inazuia ketoni pia. Misuli inavuta glukosi, ubongo unabaki na ile gramu chache ya kwenye damu. Metformini, dawa nyingine ya kisukari, ikitumika peke yake ni nadra sana kuleta hali hii, kwa hiyo jambo la kwanza kabla ya msimu ni kujua mgonjwa wenu anameza nini hasa. Soma jina lililo kwenye pakiti. “Vile vidonge vyeupe vya sukari” haitoshi.

Ukishajua ni glibenklamaidi, mpeleke kliniki mapema na uulize mambo mawili. Figo zake zikoje? Mabaki ya dawa hii nayo hushusha sukari, na hutolewa kwa figo. Mzee ambaye figo zimechoka anaweza kubaki na dawa mwilini zaidi ya siku nzima. Swali la pili: siku za kazi nzito ameze kiasi gani, saa ngapi, au abadilishiwe dawa? Msibadilishe wenyewe. Ila moja nitalisema wazi: kidonge hiki humezwa pamoja na chakula, na asubuhi ambayo hakuna chakula si asubuhi ya kukimeza. Anayechoma insulini ana maelekezo tofauti na hili lisimhusu, kwa sababu kuna watu ambao kuacha insulini kabisa ni hatari kubwa zaidi.

Halafu andaeni mfuko wa shambani. Humo kuwe na sukari ya kawaida iliyofungwa vizuri, chupa ya maji, kikombe, kipimo cha sukari na stripu zake, na kiporo cha ugali au ming'oko ya kuchemsha. Dozi ya kwanza ya mtu ambaye bado anameza vizuri ni vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, au nusu chupa ya soda. Soda isiyo na sukari haisaidii. Korosho za kukaanga nazo hazifai kwa dharura, ingawa ndizo zilizo karibu: zina mafuta mengi na sukari yake inachelewa kufika. Maji ya bibo yaliyokamuliwa sasa hivi yana sukari, lakini yakishachacha kuwa uraka sukari ile imegeuka pombe, na pombe inalizuia ini kutengeneza sukari mpya. Uraka juu ya glibenklamaidi na tumbo tupu ni kufunga milango yote miwili.

Maji ya kwenye mfuko si ya kunywa tu. Mtu aliyeshinda akitenganisha korosho na mabibo ana sukari ya tunda kwenye vidole. Ukimtoboa kidole hicho bila kukiosha, kipimo kinasoma damu pamoja na utomvu wa bibo. Na maji ya Newala tunayajua yalivyo adimu, ndiyo maana nasisitiza chupa moja iwekwe kwa kazi hii. Osha kidole, kausha, ndipo utoboe.

Tuchukue mfano wa mjomba wa miaka 68. Saa 12 asubuhi amemeza kidonge cha miligramu 5 kwa chai ya rangi, akaondoka. Ameokota korosho mpaka mchana, saa 6 amekunywa uraka vikombe viwili, mlo hakuna. Saa 9 alasiri amekaa chini ya mti, shati limelowa. Jua ni kali, kila mtu ana jasho, hakuna anayeshtuka. Lakini jasho lake ni la baridi na yuko kivulini, mikono inatetemeka. Hii ndiyo hatua ya kwanza, sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L: mwili unamwaga adrenalini ili kuamsha ini. Aliyewahi kushukiwa na sukari mara nyingi anaweza asipitie hatua hii kabisa, na anayemeza propranololi ya presha huenda asitetemeke.

Mpwa wake anampima. Kipimo kinasoma 8.6. Anatulia. Baada ya muda mjomba anaanza kuhesabu magunia yaleyale mara mbili, akiulizwa jina la mpwa anataja la marehemu kaka yake, akisaidiwa kusimama anafoka. Sukari ikipita chini ya 3 hivi, sehemu za juu za ubongo, zile za kufikiri, kupanga na kujizuia, ndizo zinazoanza kulegea, wakati zile za chini zinazoendesha pumzi bado zinafanya kazi. Ndiyo maana anatembea, anapumua na anagombana, ila hayupo. Mpwa anamwosha vidole na kupima tena: 2.4. Kama hakuna kipimo, au stripu zimeisha, mtu wa dawa hii aliyechanganyikiwa apewe sukari bila kungoja. Ikiwa sukari yake ilikuwa juu, vijiko vinne havitamdhuru kiasi cha kulinganishwa na kumwacha ikiwa chini.

Anakunywa maji ya sukari. Dakika 15 baadaye kipimo kinasoma 4.3, anamtambua mpwa wake, anaona aibu, anakula ugali. Na hapa ndipo familia nyingi zinapokosea, kwa sababu zinamlaza akapumzike. Vijiko vinne vya sukari vinatumika ndani ya saa moja au mbili, ilhali kidonge cha asubuhi kina kazi ya siku nzima, na kwa figo zake pengine zaidi. Saa 4 usiku sukari imerudi 2.6 akiwa usingizini, ambako hakuna wa kumwona akichanganyikiwa. Saa 8 usiku anakakamaa na kutupa mikono na miguu.

Degedege hilo lina sababu yake. Kila seli ya ubongo ina pampu ndogo zinazotoa sodiamu nje na kurudisha potasiamu ndani, na pampu hizo ndizo zinazokula sehemu kubwa ya glukosi na oksijeni ya ubongo. Nguvu ikipungua pampu zinachelewa, seli zenye kazi ya kutuliza wenzake zinashindwa, na kundi zima linaanza kurusha umeme kwa pamoja. Wakati huohuo mtu hapumui vizuri, kwa hiyo aliyekuwa amekosa glukosi sasa anapungukiwa na oksijeni pia. Ubongo uliokosa oksijeni kabisa huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Wa kukosa glukosi huvumilia muda mrefu zaidi, lakini aliyekutwa hajitambui alfajiri, nani ajuaye amekuwa hivyo tangu saa ngapi?

Kwa hiyo kila mtu wa nyumba, mpaka vijana, afundishwe kabla ya msimu: anayetupa viungo alazwe ubavu, mate yatoke, kijiko kisiingizwe kati ya meno, wala asinyweshwe chochote. Maji ya sukari kwenye mapafu yanamnyima ile oksijeni iliyobaki. Wengine hupaka asali kidogo ndani ya shavu la chini akiwa amelala ubavu; kinachoingia ni kidogo, na kisicheleweshe safari. Anachohitaji ni dripu ya dekstrozi.

Usafiri nao upangwe mchana. Namba ya mwenye gari ziwe mbili, kwa kuwa mgonjwa asiyejitambua hapakiziki kwenye bodaboda, na njia za vijijini usiku hazina gari la kupita. Mjomba wetu alistahili kuondoka alasiri ile ile, akiwa amezinduka na anasema yuko sawa, kwa sababu aliyeshukiwa na sukari kwa glibenklamaidi hukaa hospitali walau saa 24 akipimwa mara kwa mara. Mkifika, mpeni tabibu pakiti ya dawa, saa aliyomeza, mlo wake wa mwisho, vikombe vya uraka na vipimo vyote kwa saa zake. Mkisahau pakiti, anaweza kumwekea dripu moja, akaona ameamka, akamruhusu kurudi nyumbani.