Usinyooshe Kiarabu cha mhojiwa

Ukihariri mahojiano ya Kiarabu yaliyonukuliwa kutoka kwenye sauti, zima kwanza masahihisho ya moja kwa moja ya kompyuta. Hayo hupima kila neno kwa Kiarabu sanifu, na mtu wa Kairo hazungumzi hivyo.

Chukua neno كتير, yaani "nyingi". Katika sanifu ni كثير, kwa herufi the. Mhariri mgeni hudhani nukta moja imesahauliwa, anaiongeza, na lahaja inapotea hapo hapo. Rudi kwenye sauti: Mmisri anatamka te, kwa hiyo maandishi ni sahihi, yaache. Lakini ukikuta كنير, sauti haina nuni kabisa, na kwenye kibodi ya kawaida ya Kiarabu nuni imepakana na te. Hapo kidole kimeteleza. Sahihisha bila wasiwasi.

Pagumu ni pale sauti isiposaidia. Wamisri wengi huandika herufi ya ya mwisho bila nukta, على na علي zikafanana, na wengine huandika مدرسه badala ya مدرسة. Sikio halitakuamulia hapo. Tazama kurasa nyingine za mnukuzi yuleyule: akiandika hivyo kila mahali, ni mazoea yake, usiguse. Ukihitaji tahajia moja kwa ajili ya kutafuta maneno, ifanye kwenye nakala ya pili, na faili la asili libaki lilivyo. Kubadilisha neno kila mahali kwa mkupuo mmoja ndani ya faili hilo mimi sikubali kabisa.