Kupiga picha lebo ya chupa ya dawa hadi mstari mdogo kabisa usomeke

Mama mmoja, mteja wa siku nyingi wa duka letu la dawa, alinitumia picha ya chupa ya amoksisilini ya watoto jioni moja. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Dokta, hii nimpe kiasi gani? Ile ya kwanza imeisha, nimenunua nyingine duka jingine." Picha ilikuwa na rangi nzuri na jina la dawa lilisomeka. Mahali pa nguvu ya dawa niliona "25", kisha lebo ikapinda na kupotelea ubavuni mwa chupa.

Sasa, amoksisilini ya maji ya watoto inauzwa zaidi kwa nguvu mbili: 125 mg katika kila 5 ml, na 250 mg katika kila 5 ml. Ile "25" ingeweza kuwa 125 iliyokatwa kichwa au 250 iliyokatwa mkia. Kijiko kilekile cha 5 ml kingempa mtoto dozi yake au mara mbili yake. Nikamwomba apige upya, na nikamwelekeza kama ninavyowaelekeza wote wanaonitumia picha pale dirishani.

Kwanza jua unatafuta mistari gani

Jina kubwa la rangi mbele ya chupa mara nyingi ni la biashara, na hilo halikosekani kwenye picha yoyote. Tunalolihitaji ni jina la dawa yenyewe, ambalo huandikwa chini yake kwa herufi ndogo, pamoja na nguvu yake (namba ya mg na namba ya ml, zote mbili). Halafu tunataka tarehe ya mwisho wa matumizi, namba ya bachi, na maelekezo ya kuchanganya na kuhifadhi. Kama mfamasia aliandika kwa kalamu au alibandika karatasi yake, hiyo nayo ipigwe. Karatasi hiyo huwa na jina la mgonjwa, kwa hiyo lifunike kwa kidole ikiwa picha inakwenda kwenye kundi.

Hatua ya 1: Futa vitu viwili

Futa lenzi ya simu kwa kitambaa laini kikavu, kisha futa chupa. Dawa ya watoto mara nyingi ina sukari, na tone lililoteremka juu ya lebo likakauka hung'aa kama varnishi. Tumia kitambaa chenye unyevu kidogo tu, na usisugue penye tarehe. Wino wa tarehe mara nyingi hupigwa mwishoni kiwandani, juu ya lebo iliyokwisha chapwa, na baadhi yake hutoka kirahisi.

Hatua ya 2: Ilaze chupa, kifuniko kielekee dirishani

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Watu husimamisha chupa mezani, wanawasha flashi, na kinachotokea ni mstari mweupe wa mng'ao unaoshuka katikati ya lebo kutoka juu hadi chini. Wakizima flashi na kugeukia dirisha lililo ubavuni, mstari ule unahamia kando, lakini haujaondoka. Chupa ni mviringo. Daima kuna sehemu ya tumbo lake inayotazama katikati ya taa na kamera, na sehemu hiyo ndiyo inayorudisha mwanga machoni mwako kama kioo.

Dawa yake ni kuilaza. Weka chupa mezani karibu na dirisha, kifuniko (au kitako) kikitazama dirishani, kisha piga kutoka juu. Mwanga sasa unasafiri kwa urefu wa chupa, unaiangazia lebo yote, na ule unaorudi kama kioo unakwenda zake upande wa pili wa chumba badala ya kupanda kwenye kamera. Zima taa ya dari iliyo juu yako, la sivyo itachora mstari wake yenyewe. Jua la moja kwa moja usilitumie. Mwanga wa kivulini, kiasi cha hatua moja kutoka dirishani, unatosha.

Ili chupa isibiringike, kunja taulo la rangi moja na uilaze kwenye bonde la katikati. Nasema rangi moja kwa sababu: niliwahi kupokea picha iliyopigwa juu ya kanga, kamera ikachagua maandishi ya kanga. Jina la kanga nililisoma vizuri kabisa, la dawa sikuliona.

Ikiwa ni usiku, weka tochi ya simu nyingine mahali pa dirisha, kwenye mstari wa urefu wa chupa, na uifunike kwa karatasi nyeupe moja ili mwanga usambae.

Hatua ya 3: Rudi nyuma, kisha vuta

Mtu akitaka herufi ndogo zionekane, huisogeza simu mpaka karibu iguse chupa. Kamera ina umbali ambao chini yake haiwezi tena kuona vizuri, kama jicho la mtu mzima lililosogezewa gazeti puani. Simu nyingi hukoma kama sentimita 10, na baadhi ya simu mpya zenye kamera kubwa hukoma mbali zaidi, hata 20. Nyingine zikifika hapo hubadilisha lenzi zenyewe na kuweka ile pana, ambayo huipinda picha pembeni. Utaiona skrini ikiruka kidogo.

Kwa hiyo shika simu kiasi cha sentimita 20 hadi 25 juu ya chupa, upana wa kiganja kilichotanuliwa, na uvute picha hadi 2x. Usiende mpaka 8x au 10x. Huko simu haioni zaidi, inakisia, na programu yake hunoa kingo za herufi hadi 3 ikafanana na 8. Picha ya namna hiyo ni mbaya kuliko yenye ukungu, maana haikuonyeshi kwamba inakudanganya.

Simu iwe sambamba na meza. Ikiinama, mstari wa juu wa lebo utasomeka na wa chini utafifia.

Hatua ya 4: Gusa mstari mdogo, si jina kubwa

Gusa skrini juu ya maandishi madogo zaidi yaliyo katikati, ushikilie kidole sekunde mbili mpaka alama ya kufunga itokee. Itakuja na kijua kidogo pembeni. Kiteremshe kidogo mpaka weupe wa lebo uwe kama wa karatasi badala ya kung'aa kama taa. Maandishi ya kijivu kwenye lebo nyeupe hupotea kwa sababu ya mwanga uliozidi mara nyingi kuliko kwa sababu ya fokasi.

Halafu weka kipima muda cha sekunde 3, egemeza viwiko mezani, bonyeza, na utulie. Ule mguso wa kidole kwenye kitufe ndio unaotikisa simu.

Hatua ya 5: Robo kwa robo

Picha moja haitoshi kwa chupa ya mviringo, hata ukiwa na simu ya bei gani. Chukua chupa ya kawaida ya 100 ml, yenye kipenyo cha karibu sentimita 5. Lebo ikiizunguka yote ina urefu wa takriban sentimita 16. Kutoka juu unaiona nusu yake, lakini herufi zilizo kwenye kingo zimebanwa kama vipande vya karatasi vilivyosimamishwa wima, na ziko sentimita 2 na nusu mbali zaidi na lenzi kuliko zile za katikati. Kinachosomeka bila shida ni robo ya katikati tu. Hapo herufi za mwisho zimebanwa kiasi, na zimerudi nyuma chini ya sentimita moja, tofauti ambayo kamera inaimudu.

Anza pale lebo inapoungana. Piga, zungusha chupa robo, gusa tena kufunga fokasi, piga. Picha nne. Kila picha irudie neno la mwisho la picha iliyotangulia, ili anayesoma ajue hakuna kilichorukwa. Ikiwa namba ya nguvu imeangukia kwenye ukingo, piga ya tano ukiiweka katikati kabisa.

Hatua ya 6: Tarehe

Tarehe haikai mahali pamoja. Tafuta ukingo wa lebo, shingo ya chupa, kifuniko na kitako. Ikiwa imechapwa kwa nukta nyeusi kwenye kioo cha kahawia, weka karatasi nyeupe nyuma yake na uiangazie. Ikiwa imegandamizwa bila wino, sahau yote niliyosema kuhusu mwanga laini: chukua tochi, ilaze karibu kugusa chupa, mwanga ukwaruze juu ya maandishi, na kila herufi itatupa kivuli chake.

Piga tarehe zote mbili pamoja na maneno yaliyo mbele yake, maana MFG ni ya kutengenezwa na EXP ni ya mwisho. Nimeona mtu akitupa dawa nzima kwa kusoma ya kwanza. EXP yenye mwezi na mwaka tu, mfano 06/2027, huhesabiwa mpaka mwisho wa mwezi huo. Hiyo ni ya chupa ambayo haijachanganywa; ukishatia maji, fuata muda uliotajwa kwenye lebo, ambao kwa amoksisilini mara nyingi ni siku 7.

Hatua ya 7: Kagua kabla ya kutuma

Fungua picha, ikuze, na usome kwa sauti namba ya nguvu na tarehe. Usisome kwa kumbukumbu. Mpe mtu mwingine ambaye hajaishika chupa asome.

Isiposomeka, picha yenyewe itakuambia kwa nini. Herufi zikiwa na kivuli upande mmoja, kama zimeandikwa mara mbili, mkono ulitikisika. Herufi zikiwa laini huku nyuzi za taulo zikihesabika, fokasi ilikwenda taulo. Picha nzima ikiwa kama imefunikwa na maziwa, rudi ufute lenzi.

Usikate picha wala kuiwekea rangi. Ile kamera ya kuskani karatasi nayo iache, kwa kuwa huipausha lebo na kufuta wino hafifu, ambao huenda ndiyo tarehe. Kwenye WhatsApp tuma kama faili kupitia Document, au chagua HD. Njia ya kawaida huibana picha, na herufi ndogo ndizo hufa kwanza.

Mama yule alirudisha picha tano baada ya dakika kama kumi. Ya pili ilimaliza ubishi: 250 mg/5 ml. Chupa ya kwanza, ambayo kumbukumbu yake tulikuwa nayo dukani, ilikuwa ya 125, na mtoto alikuwa akipewa 5 ml. Kwa chupa mpya, dozi ileile ni 2.5 ml. Nilimwambia asitumie kijiko cha chai, aje na chupa nimpe bomba la sindano lisilo na sindano, na nimwekee alama ya wino pale pa 2.5.