Kugeuza modemu ya kampuni iwe daraja, ili jina la waifai libaki mikononi mwako

Mteja wangu mmoja wa Donholm alinipigia simu saa moja asubuhi. Kamera ya mlangoni imezima, televisheni haioni mtandao, na simu za watoto zote zinaitisha nywila. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Nilipofika niliona jina la waifai limerudi lile la kiwandani, lililoandikwa kwenye kibandiko chini ya modemu. Usiku kampuni ilikuwa imeingiza programu mpya kutoka mbali, na mipangilio yote ya mteja ikafutika.

Jambo hilo linawezekana kwa sababu modemu si yako. Kampuni huifikia wakati wowote kupitia njia inayoitwa TR-069, na kupitia njia hiyo hiyo inaweza kusoma na kubadilisha jina na nywila ya waifai. Dawa ni kuiachia modemu kazi ambayo haiwezi kufanywa na mwingine, yaani kugeuza mwanga wa faiba kuwa data, halafu kazi nyingine zote zihamie kwenye ruta uliyoinunua mwenyewe. Hiyo ndiyo hali ya daraja.

Niseme ukweli kabla hujaanza kuhangaika. Kama shida yako ni jina na nywila tu, unaweza kuchomeka ruta yako nyuma ya modemu, ukazima waifai ya modemu, ukalala. Utakuwa na ruta mbili zinazotafsiri anwani mara mbili, na kwa kutazama video hutaona tofauti. Tofauti utaiona kwenye michezo ya mtandaoni, kwenye kuifikia kamera moja kwa moja ukiwa nje ya nyumba, na siku modemu itakaporudishwa kwenye mipangilio ya kiwandani na kuanza tena kurusha waifai yake. Huyu mteja wa Donholm alikuwa na kamera, kwa hiyo tukaenda njia ya daraja.

Nitaeleza nilivyofanya kwake. Modemu ilikuwa ONT, yaani modemu ya faiba, ya Huawei yenye matundu manne ya LAN, na ruta yake ilikuwa ya TP-Link. Menyu za modemu yako zinaweza kupangwa tofauti, ila mambo yenyewe ni yale yale.

Hatua ya 1: Pata jina na nywila ya PPPoE

Hapa ndipo watu wengi huumia. Kampuni nyingi za faiba humtambua mteja kwa jina na nywila ya PPPoE, ambavyo si jina na nywila ya waifai. Sasa hivi vimehifadhiwa ndani ya modemu. Ukishaigeuza kuwa daraja, ruta yako ndiyo itakayojitambulisha, na kama huna maneno hayo umejizimia mtandao mwenyewe.

Nywila kwenye ukurasa wa modemu huonekana kama vidoti, kwa hiyo usitegemee kuisoma hapo. Mwenye akaunti apige simu huduma kwa wateja, aombe apelekwe kwa mafundi, na aseme hivi: "Naomba ONT yangu iwekwe bridge kwenye LAN1, mnipe jina na nywila ya PPPoE, na mbadilishe hata kwenye mfumo wenu." Hayo maneno ya mwisho msiyaache. Modemu ikibadilishwa hapo nyumbani tu, siku mfumo wa kampuni utakapoipangia upya, daraja litavunjika na mtarudi mlikoanza. Waulize pia kama wanafunga akaunti kwa anwani ya MAC ya kifaa. Wakisema ndiyo, wasomee MAC ya tundu la WAN la ruta yako, imeandikwa chini yake.

Pigeni simu siku ya kazi asubuhi, si Jumamosi usiku. Na uwe na bando kwenye simu, kwa sababu kuna nusu saa nyumba haitakuwa na mtandao.

Hatua ya 2: Piga picha mipangilio iliyopo

Chomeka laptopu kwa waya kwenye LAN2 ya modemu. Usitumie waifai, kwa sababu utaizima baadaye na utajifungia nje. Fungua `192.168.100.1` kwenye kivinjari, ingia kwa jina na nywila za kwenye kibandiko, kisha tafuta ukurasa wa `WAN`. Wa mteja wangu ulikuwa hivi:

```
WAN Mode: Route WAN
Encapsulation Mode: PPPoE
Service Type: INTERNET
VLAN ID: 100
Binding Options: LAN1 LAN2 LAN3 LAN4 SSID1
```

Namba yako ya VLAN, ile inayotenganisha data ya intaneti na data nyingine kwenye waya mmoja, huenda ikawa nyingine, ndiyo maana unapiga picha. Ukiona mistari mingine yenye `TR069` au `VOIP`, iache kabisa. Wa kwanza ni wa kampuni, wa pili ni wa simu ya mezani.

Usipouona ukurasa huo, usishangae. Akaunti ya mteja mara nyingi hufichiwa. Basi kazi ya hatua ya 4 itafanywa na fundi wa kampuni akiwa kwake, na wewe utashughulika na ruta tu.

Hatua ya 3: Tayarisha ruta ikiwa bado pembeni

Washa ruta bila kuiunganisha na modemu. Kwenye ukurasa wa intaneti chagua PPPoE, andika jina na nywila uliyopewa. MTU, yaani ukubwa wa juu wa kila pakiti ya data, iache 1492, kwa sababu PPPoE hula baiti 8 kati ya 1500 za kawaida.

Halafu waifai. Ruta ipe jina lile lile na nywila ile ile familia iliyokuwa ikitumia kwenye modemu, herufi kubwa na ndogo zikifanana. Ukifanya hivyo, simu, televisheni na kamera zitaingia zenyewe na hutazunguka nyumba nzima na karatasi ya nywila. Ulinzi uwe WPA2, kwa kuwa kamera za bei nafuu nyingi hazijui WPA3, tena nyingi hushika gigahezi 2.4 pekee, kwa hiyo usiizime. Mteja wangu alitaka jina jipya la kuchekesha majirani. Nikamwambia tuanze na la zamani, la vichekesho tutaliweka mambo yakitulia.

Hatua ya 4: Geuza modemu

Rudi kwenye ule ukurasa wa `WAN`, fungua mstari wa `INTERNET`, badilisha mambo mawili:

```
WAN Mode: Bridge WAN
Binding Options: LAN1
```

VLAN iache ilivyo. Modemu itaendelea kubandika namba hiyo upande wa kampuni na kuibandua kabla data haijafika kwenye ruta. Ndiyo maana kwenye ruta hatukuandika VLAN yoyote. Ukiiandika kote kote, data inabandikwa mara mbili na kampuni haiitambui. Ni pale tu fundi wa kampuni akikuambia kwamba LAN1 inatoa data ikiwa na namba yake ndipo unaiandika kwenye ruta, na kwenye TP-Link sehemu hiyo hukaa chini ya `IPTV/VLAN`.

Hifadhi, kisha nenda kwenye `WLAN` uzime waifai ya modemu, ya gigahezi 2.4 na ya 5. Ukisahau, majina mawili yanayofanana yatakuwa hewani, na simu zitang'ang'ania lile lisilo na mtandao.

Sasa zima modemu na ruta. Chomeka waya kutoka LAN1 kwenda tundu la WAN la ruta. Subiri. Mimi hungoja dakika 10, kwa sababu kampuni bado inadhani modemu imeingia, na mara nyingi haimruhusu mwingine kuingia kwa jina lile lile mpaka kikao cha kwanza kife. Washa modemu, taa ya PON itulie bila kupepesa, ndipo uwashe ruta.

Ikikataa

Pale Donholm ilikataa. Ruta ilizunguka dakika tano bila kupata anwani. Kitu cha kwanza ni kusoma kumbukumbu za ruta, si kuanza kubonyeza ovyo. Kama hakuna anayejibu kabisa, ujumbe hufanana na huu:

```
Timeout waiting for PADO packets
```

Maana yake ruta inaita na upande wa pili hauisikii. Nywila haijafika hata kuulizwa, kwa hiyo usiibadilishe. Makosa yapo njiani: waya uko kwenye tundu lisilo LAN1, VLAN si sahihi, au modemu haijawa daraja. Lakini ukiona `authentication failed`, njia ni nzima na kilichokataliwa ni jina, nywila, au kile kikao cha zamani.

Yetu ilikuwa ya kwanza. Mtoto mmoja, kwa kutaka kusaidia, alikuwa amehamishia waya LAN3. Tukaurudisha LAN1 na ndani ya dakika moja ruta ikapata anwani. Kamera ikawa ya kwanza kurudi.

Kuhakikisha kwamba daraja ni daraja kweli, chomeka laptopu ya Windows kwenye ruta, fungua Command Prompt na uandike:

```
tracert -d 8.8.8.8
```

Mstari wa kwanza utakuwa ruta yako, kwake ilikuwa `192.168.0.1`. Wa pili ukiwa `192.168.100.1`, bado unapita kwenye ruta mbili. Ukiwa anwani nyingine ya kampuni au nyota tupu, modemu imetoka njiani.

Angalia pia anwani ya WAN kwenye ruta. Ikiwa kati ya `100.64.0.0` na `100.127.255.255`, kampuni inakuchanganya na wateja wengine nyuma ya anwani moja ya nje, na daraja haliwezi kuliondoa hilo. Kamera haitafikika kutoka nje mpaka ununue anwani ya umma au utumie programu ya kamera yenyewe. Mteja wangu alikuwa humo, akachagua programu.

Tulipomaliza niliandika kwa kalamu nzito juu ya modemu: "DARAJA, LAN1 PEKEE". Na nikamwonya jambo moja. Siku mtandao ukipotea, yule wa huduma kwa wateja atamwambia azime na kuwasha modemu, na hilo ni sawa. Lakini akimwambia achukue sindano abonyeze kile kitundu cha `RESET`, akatae na amwambie kwamba modemu iko bridge. Kitundu hicho hufuta daraja, na kwenye modemu nyingine hufuta hata mipangilio ya kampuni, mkangoja fundi siku nzima.